Content-Aware Fill inavunja mistari ya marumaru na nondo za geti: tunarekebishaje kwa mkono?

Nuru_wa_Vyumba
Habari wakuu. Nina picha ya baraza la nyumba ya kupangisha. Sakafu ni marumaru za sentimita 60 kwa 60, nyeupe zenye mishipa ya kijivu, zinang'aa. Upande wa kushoto imesahaulika ndoo nyekundu ya deki. Nimeizungusha kwa Lasso ndani ya Photoshop, nikaenda Edit > Fill, nikachagua Content-Aware. Ndoo imetoka, lakini mstari wa maungio ukifika pale ulipokuwa ukingo wa ndoo unapinda, halafu ng'ambo ya pili unaanza upya chini zaidi. Kuna kigae kimoja sasa kina pembe tano. Nimerudia mara sita na kila mara linakuja kosa jipya. Picha ina pikseli 6000 kwa 4000, lenzi 24 mm. Nina nyingine ya geti la nondo, mbele yake kuna pikipiki ya kuondoa, na shida ni ile ile. Nakosea wapi?

Jembe_Jipya
Dada, achana na Edit > Fill. Nenda Edit > Content-Aware Fill, ile yenye dirisha lake. Kulia weka Rotation Adaptation iwe Full, tia tiki Scale na Mirror. Hapo programu inapata machaguo mengi zaidi na itapatia. Chagua pia eneo kubwa kidogo kuzidi ndoo.

Fundi_Taswira
Jembe amepatia kuhusu dirisha na kuhusu kupanua eneo. Rotation hapana, hasa kwenye sakafu ya vigae. Ukiweka Full unairuhusu programu izungushe vipande kwa pembe yoyote, na kigae kilichozungushwa hata nyuzi 3 jicho linakiona papo hapo. Rotation ni ya vitu vya mduara, kama petali za ua au ukingo wa sahani. Kwenye sakafu yako iweke None. Mirror nayo izime, kwa sababu mwanga wa baraza unatoka upande mmoja na kipande kilichogeuzwa kitaleta mng'ao upande usio wake.

Sasa kwa nini inavunja mistari. Programu hii haihesabu vigae. Inachukua vipande vidogo kuzunguka tundu, inatafuta kwingine kwenye picha vinavyofanana navyo, inabandika, kisha inasogea ndani. Kinachoangaliwa ni kama kipande kimoja kinaungana vizuri na jirani yake. Hakuna mahali inapojiuliza kama mstari uliotoka kushoto utakutana na ule wa kulia. Pande zote mbili zinajazwa kwa uaminifu, zinakutana katikati, na pale katikati ndipo kigae chako chenye pembe tano kilipozaliwa. Kwenye majani, mchanga, lami au mawingu hakuna atakayeona kiungo hicho. Kwenye kitu kinachojirudia kwa kipimo, kila mtu anakiona.

Sakafu inaongeza tatizo la pili, nalo ni umbali. Kigae cha mbele karibu na kamera kinaweza kuwa na upana wa pikseli 400, na cha safu ya tatu nyuma yake pikseli 270, tena kimelala kwa pembe tofauti. Maana yake ni kwamba hakuna mahali popote kwenye picha penye kipande cha saizi na mlalo ule ule unaotakiwa chini ya ndoo. Unaiomba programu itafute kitu ambacho hakipo.

Jembe_Jipya
Lakini mkuu, Scale si imewekwa kwa ajili hiyo? Inakuza na kupunguza vipande ili viendane na umbali.

Fundi_Taswira
Inasaidia, na kwenye sakafu ningeiacha na tiki. Ila inakuza kipande kizima kwa usawa, wakati kigae kinachoelekea mbali kinakuwa kifupi haraka kuliko kinavyokuwa chembamba, na pembe zake zinabadilika. Kwa kitu kidogo, mathalani kipande cha karatasi ndani ya kigae kimoja, Scale inatosha. Ndoo yako inafunika makutano ya maungio, kwa hiyo haitatosha.

Kobe_Mwendo
Mimi nina fensi ya seng'enge ya wavu, ile ya almasi, mbele ya uwanja wa mpira. Nataka kuiondoa mchezaji aonekane. Nimechagua nyaya za usoni kwake tu nikajaza, nyaya zimerudi tena! Naona ni tatizo hili hili.

Fundi_Taswira
Kobe, lako ni kinyume chake. Nuru anataka mpangilio ubaki, wewe unataka uondoke. Nyaya zimerudi kwa sababu ulichagua za usoni ukaacha nyingine, na zile ulizoacha ndizo programu ilizokwenda kuchota. Chagua nyaya zote za eneo lile, kisha Select > Modify > Expand pikseli 2 au 3 ili kivuli chembamba pembeni mwa waya kiingie. Au ndani ya dirisha la Content-Aware Fill, chukua Sampling Brush, iweke kwenye kupunguza, ufute rangi ya kijani juu ya kila waya usiotaka uchotwe. Waya unapokatiza ukingo wa jicho au mdomo usiitegemee kabisa. Pale ni Clone Stamp yenye brashi ndogo, fundo kwa fundo.

Nuru, kazi yako ni ya Filter > Vanishing Point. Ni kifaa cha zamani, kimekuwepo tangu Photoshop CS2 ya mwaka 2005, na kwa sakafu bado ndicho ninachokishika kwanza. Fuata hivi.

Kwanza nyoosha lenzi. Milimita 24 mara nyingi inapindisha mistari kwa nje, na Vanishing Point inaamini kwamba kila mstari umenyooka. Tumia Filter > Lens Correction au profaili ya lenzi ndani ya Camera Raw. Ukiruka hapa, maungio yatakubali katikati ya picha yakatae pembeni, na utahangaika bila kujua kisa.

Pili chagua ndoo pamoja na kivuli chake na taswira yake iliyong'aa kwenye kigae. Marumaru zako zinang'aa, kwa hiyo chini ya ndoo kuna ndoo nyingine hafifu iliyopinduka. Watu wengi wanaisahau na sakafu inabaki na doa jekundu lisilo na mwenyewe. Panua uteuzi pikseli 5, kisha Select > Save Selection, utauhitaji baadaye. Ondoa uteuzi.

Tatu fungua leya mpya tupu juu ya picha, ukiwa juu yake ndipo uingie Vanishing Point. Matokeo yataangukia leya hiyo na picha yako ya asili haitaguswa.

Nne chora bapa kwa Create Plane. Bofya pembe nne kwenye makutano ya maungio. Usichukue kigae kimoja! Chukua kundi, vigae 4 kwa 3 vilivyo wazi. Ukikosea pikseli 2 kwenye kigae kimoja, ukilivuta bapa hadi kigae cha nane umekosea pikseli 16 au zaidi. Ukikosea hizo hizo 2 kwenye vigae vinne, kosa linakua taratibu. Shikilia kitufe X unapobofya, picha inakuja karibu kwa muda.

Ukifika hapo rudi uniambie gridi imekuwa rangi gani.

Nuru_wa_Vyumba
Asante sana mwalimu. Imekuwa ya njano. Nikisogeza pembe moja inakuwa nyekundu.

Fundi_Taswira
Njano na nyekundu maana yake programu haijaweza kupata hesabu ya bapa kutokana na pembe ulizoweka. Itakukubalia kufanya kazi lakini vigae vitatoka vimevutwa. Karibu kila mara pembe moja imekaa nje ya makutano. Irekebishe hadi gridi iwe ya bluu.

Bluu nayo haitoshi, inasema tu kwamba hesabu imewezekana. Ushahidi wenyewe ni huu: badilisha Grid Size hadi mistari ya gridi ikae juu ya maungio, kisha shika kishikio cha katikati ya upande, uvute bapa hadi ukutani. Tazama maungio ya mwisho kabisa. Gridi ikiwa bado juu yake, endelea. Ikiwa imehamia ndani ya kigae, rudi kwenye pembe.

Nuru_wa_Vyumba
Nimepata bluu na imekaa hadi ukutani. Pembe ya juu kulia ilikuwa imetoka kidogo tu.

Fundi_Taswira
Vizuri. Sasa Marquee ya ndani ya dirisha hilo hilo. Feather 1, Opacity 100, Heal weka Off. Chora kuzunguka vigae kamili, mathalani 2 kwa 2, ukingo wa uteuzi upite katikati ya kigae na si juu ya maungio, ili kiungo kiangukie kwenye marumaru tupu. Shikilia Alt, buruta hadi juu ya ndoo. Utaona kipande kinajikunja na kubadilika ukubwa chenyewe kinaposogea. Linganisha makutano ya maungio ya kipande na yale ya sakafu. Malizia kwa vishale vya kibodi, pikseli moja moja.

Chota mbele upeleke nyuma, usifanye kinyume. Kigae cha karibu kina pikseli nyingi, kikipunguzwa kinabaki kikali. Kigae cha mbali kikikuzwa kinakuwa na ukungu, na utamaliza saa nzima ukitafuta kwa nini sehemu hiyo inaonekana imelowa.

Ukitoka, rudisha uteuzi uliouhifadhi, ufanye maski kwenye leya mpya ili kila kilichozidi kifichwe.

Mwana_Likoni
Mimi nimehamia GIMP na hakuna Vanishing Point huko. Ipo Perspective Clone. Kwanza unaiweka Modify Perspective, unavuta pembe nne za fremu zilale sawa na sakafu, kisha unarudi Perspective Clone, Ctrl na kubofya pale unapochota, halafu unapaka. Inafanya kazi hiyo hiyo ila kwa brashi. Kosa kidogo la mahali ulipobofya linakufuata hadi mwisho, kwa hiyo bofya juu ya makutano ya maungio na uanze kupaka juu ya makutano.

Fundi_Taswira
Ushauri mzuri, na hilo la kuanzia kwenye makutano linafaa pia kwa Clone Stamp ya Photoshop. Pale una ziada moja: Window > Clone Source, Show Overlay. Unaona kivuli cha unachotaka kubandika kabla hujabofya.

Nuru_wa_Vyumba
Wakuu, mistari imenyooka! Mambo mawili yamebaki. Vigae vipya vinang'aa kuliko majirani zake, kama vimefutwa sasa hivi. Nikajaribu Heal kuwa On ili vichanganyike, vikawa na wekundu pembeni. Pia kuna mshipa wa kijivu wenye umbo la Y umeonekana mara mbili, kigae na jirani yake.

Bi_Tatu_Rangi
Hapo ningependa kuchangia mimi. Heal inachukua rangi ya ukingo wa mahali unapobandika na kuimwaga ndani. Ukingo wako umegusa ndoo, kwa hiyo imemwaga ndoo. Iache Off, rangi uirekebishe nje.

Weka leya ya Curves juu ya vigae vipya, ibane kwa Ctrl+Alt+G ili isiguse sakafu nyingine. Shusha katikati ya mkunjo kidogo kidogo hadi upande mmoja ulingane, upande wa mbali na dirisha. Upande wa karibu na dirisha sasa utakuwa mweusi mno. Chukua Gradient nyeusi kwenda nyeupe, ivute kwenye maski ya Curves kutoka dirishani kwenda ndani, mwanga utapungua polepole kama wenyewe. Kisha fumba macho nusu uitazame picha ikiwa ndogo. Tofauti ya mwanga inaonekana vizuri zaidi picha ikiwa ndogo kuliko ikiwa asilimia 100.

Mshipa wa Y: kwenye leya yako ya vigae chukua Clone Stamp, Sample iwe Current & Below, chota marumaru tupu isiyo na mshipa, ufute mkono mmoja wa Y. Si lazima uondoe wote. Jicho linakamata umbo likiwa zima, ukilikata mkono halitambui tena.

Jembe_Jipya
Kwa nini asigeuze kigae? Ndani ya Vanishing Point, Transform ina Flip na Flop.

Bi_Tatu_Rangi
Kwenye marumaru zisizong'aa ningefanya hivyo. Hizi zina taswira ya nguzo za baraza sakafuni, hafifu lakini ipo. Ukigeuza, taswira inaelekea kwenye nguzo isiyokuwepo.

Nuru_wa_Vyumba
Imekubali! Nimelinganisha na Gradient, haionekani kabisa. Sasa lile geti. Nondo za wima, nimepiga nikilitazama moja kwa moja, nyuma kuna bustani. Pikipiki inafunika nondo saba hivi.

Fundi_Taswira
Geti lililopigwa kwa kutazamana nalo halihitaji Vanishing Point. Linahitaji kipimo tu. Na usijaribu kulijaza kwa mara moja, kwa sababu ndani ya tundu lako kuna vitu viwili vya tabia tofauti. Majani hayana mpangilio, hayo mwachie Content-Aware. Nondo zina mpangilio, hizo hesabu mwenyewe. Ukivichanganya, programu itaotesha majani kwenye nondo na nondo kwenye majani.

Anza na bustani. Kwenye dirisha la Content-Aware Fill futa nondo zote kwa Sampling Brush, acha majani tu. Output To iwe New Layer. Usijali ikitoka na michirizi, nusu yake itafunikwa.

Kisha pima. Chukua Ruler Tool, pima kutoka ukingo wa kushoto wa nondo ya 1 hadi ukingo wa kushoto wa nondo ya 11 kwenye sehemu iliyo wazi. Hizo ni nafasi 10. Tuseme imetoka pikseli 1184, basi nafasi moja ni 118.4. Usipime nafasi moja peke yake, utapata 118 au 119, na ukifika nondo ya saba umekosea pikseli 3 au 4.

Sasa angalia: ukihamisha nondo nafasi 3 ni pikseli 355.2, na hiyo sehemu ya desimali inailazimu programu ichanganye pikseli, nondo inalainika ukingo. Ukihamisha nafasi 5 ni 592 kamili, hakuna kinachoharibika. Kwa hiyo zichague nondo nane safi, Ctrl+J, Ctrl+T, bofya kialama cha pembetatu karibu na X juu, andika 592 px, Enter. Zikiwa bado hazijafika, nakili uhamishe tena 592.

Kwa nini nane wakati zinazokosekana ni saba? Ile moja ya ziada ni ya kupimia. Hakikisha inaangukia juu ya nondo halisi iliyo wazi. Badilisha leya iwe Difference. Zikilingana, nondo hiyo itakuwa karibu nyeusi tupu. Ukiona uzi mweupe upande mmoja, upana wa uzi huo ndio kosa lako, sogeza kwa vishale hadi ufe. Rudisha Normal, ndipo uweke maski.

Mwana_Likoni
Nyongeza ndogo: angalia pia kutu. Nondo zilizonakiliwa zitakuwa na doa la kutu kwenye kimo kile kile kila baada ya nafasi tano. Ondoa madoa mawili matatu kabla ya kunakili, halafu rudisha machache baadaye sehemu tofauti.

Kobe_Mwendo
Zangu nyaya zimetoka, ahsante Fundi. Ila kuna waya mmoja ulipita kwenye nambari ya jezi, 8 imekuwa kama 3.

Fundi_Taswira
Hiyo haijazwi, inachorwa. Kama una picha nyingine ya mchezaji huyo huyo, chota nambari huko. La sivyo kamilisha upande uliokatika kwa Pen, uupake rangi ya nambari, kisha ongeza chenga kwa Filter > Noise > Add Noise, Gaussian na Monochromatic, kama asilimia 1 au 2, ilingane na kitambaa.

Jembe_Jipya
Fundi, na sakafu ya nje ya vitofali vya saruji vilivyopangwa zigzagi, tena sehemu imebonyea kwa magurudumu? Vanishing Point nimejaribu, upande mmoja unakaa, mwingine unateleza.

Fundi_Taswira
Bapa ni bapa, haliwezi kufuata bonde. Mimi hugawa mabapa mawili madogo, kila moja upande wake wa bonde, na kiungo nakipitisha kwenye kivuli. Wakati mwingine inakaa, wakati mwingine najikuta nahamisha kitofali kimoja kimoja kwa Ctrl+T na Warp.

Bi_Tatu_Rangi
Hapo mimi hutumia Edit > Perspective Warp, nanyoosha sakafu yote, narekebisha, kisha nairudisha. Bonde linabaki lakini ni rahisi kuliona.

Fundi_Taswira
Napingana kidogo na hilo, picha inachanganywa pikseli mara mbili, kwenda na kurudi, na chenga za saruji zinalainika. Kwa picha ya kuonyeshwa kwenye simu pengine haina shida. Kwa bango sidhani.

Bi_Tatu_Rangi
Nakubali chenga zinapotea. Ila mimi huwa narudisha kile kiraka tu juu ya picha ya asili kwa maski, sakafu nyingine haiguswi. Jembe, jaribu zote mbili kwenye kona moja ya mita moja uweke hapa tuzione zikiwa asilimia 100.

Nuru_wa_Vyumba
Geti limekaa. Uzi mweupe kwenye Difference ulikuwa pikseli 2, nondo ya 11 niliipima ukingo wa kulia. Mwenye nyumba sasa anataka nifute na ufa wa kigae karibu na mlango.

Bi_Tatu_Rangi
Ndoo ilikuwa mgeni pale. Ufa ni wa nyumba, mpangaji atauona siku ya kwanza akiingia. Mwambie abadilishe kigae, wewe uache picha ya ufa kama ulivyo.